Kilo 74 za Koboko: Kubaki katika daraja lako bila kujikausha

Asubuhi moja ya Machi, siku chache baada ya Idi, nilimkuta mpwa wangu uani kwa dada yangu hapa Koboko akipanga madumu ya maji juu ya ubao. Matatu yalikuwa ya lita ishirini, na la nne, dogo, alilitia lita kumi tu. Maji yote aliyapima lita kwa lita kwa chupa, huku akihesabu kwa sauti ili asipotee. Madumu matupu pamoja na ubao alikuwa ameshayapeleka sokoni kwa mama anayeuza ufuta, akayapima kwenye mizani yake: kilo tano kamili. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo mzigo wote ulipaswa kuwa kilo 75.

Chini ya ubao ule kulikuwa na mizani ya bafuni aliyokuwa akiitumia tangu mwaka uliotangulia. Aliinama, akafuta vumbi kwenye kioo, akasoma. Kisha akaniita.

"Mjomba, njoo uone. Inasema 74.4."

Mizani ilikuwa inapunguza gramu 600. Kwa mtu anayepima uzito kwa kutaka kujua tu, gramu 600 si kitu. Kwa mnyanyua vyuma wa daraja la kilo 74, zilikuwa ndizo zilizomharibia mashindano ya Novemba.

Mpwa wangu, ambaye ameniomba nisimtaje jina, anashiriki mchezo ambao vijana wa hapa huuita pawalifti. Una mitindo mitatu: skwati, yaani kuchuchumaa na chuma begani na kuinuka nacho, benchi, kukisukuma chuma ukiwa umelala chali, na dedilifti, kukiinua kutoka sakafuni hadi usimame wima. Kila mtindo una majaribio matatu, na jaribio bora la kila mtindo huingia kwenye jumla. Ukikosa majaribio yote matatu ya mtindo mmoja, huna jumla, hata kama mengine ulifanya vizuri.

Washindani hupangwa kwa uzito wa miili yao. Katika Shirikisho la Kimataifa la Pawalifti, lililoundwa mwaka 1972, wanaume wazima wana madaraja ya kilo 59, 66, 74, 83, 93, 105, 120 na zaidi ya 120. Wanawake wana 47, 52, 57, 63, 69, 76, 84 na zaidi ya 84. Daraja la 74 ni la mtu aliyevuka 66 lakini hajazidi 74.00. Ukiwa na 74.1 umezidi. Tena washindani wawili wakilingana jumla, mwenye mwili mwepesi zaidi ndiye hushinda. Hapo ndipo tamaa ya kukata kilo inapoanzia: kila mtu anataka kuwa mzito ndani ya daraja jepesi.

Novemba ile mpwa wangu alikuwa na kilo 76 na zaidi siku kumi kabla ya mashindano Kampala. Alifanya alichoona wengine wakifanya. Alivaa kaveera chini ya jaketi akakimbia jua la saa nane, akaacha chakula cha jioni, na siku mbili za mwisho akanywa maji kwa vikombe vya kahawa. Mizani ya nyumbani ikamwambia 74.0. Alipopanda mizani ya mashindano, ikasoma 74.6.

Sheria inampa aliyezidi nafasi ya kurudi kupima tena mradi muda wa kupima haujaisha. Alikimbia kuzunguka jengo dakika arobaini akiwa amevaa sweta mbili, akitema mate kwenye chupa. Akarudi, akapima 73.9, akapita. Baada ya hapo akaikosa kilo 170 ya skwati mara tatu mfululizo, kilo ambazo hapa Koboko huzinyanyua mara tatu bila kupumzika. Alirudi nyumbani bila jumla.

Nilipomuuliza nini kilitokea, hakusema miguu ilikosa nguvu. Alisema, "Mjomba, tumbo halikuwa na kitu cha kusukuma." Jibu lile lilinifanya nianze kulifuatilia jambo hili, kwa sababu ni sahihi kuliko alivyojua mwenyewe.

Saa mbili tu

Katika mashindano yanayofuata sheria za shirikisho hilo, upimaji huanza saa mbili kabla ya chuma cha kwanza, na hudumu saa moja na nusu. Kama daraja lako linaanza kunyanyua saa nne asubuhi, utapimwa kati ya saa mbili na saa tatu na nusu. Baada ya hapo unabaki na muda wa kunywa chai, kufunga mkanda na kupasha misuli moto.

Sasa angalia mahali ambapo vijana wetu hupata mafunzo ya kukata kilo. Wanayapata kwa mabondia na kwa wanyanyuaji wa mashirikisho mengine, ambako mara nyingi watu hupimwa siku moja kabla. Mtu aliyejikausha kilo nne akapimwa leo asubuhi, akanywa na kula mchana kutwa na usiku, kesho huingia ulingoni akiwa amerejesha sehemu kubwa ya maji yake. Mwenye saa mbili hana nafasi hiyo. Tumbo halipokei lita tatu kwa wakati mmoja, na maji yaliyo tumboni bado hayajafika kwenye damu wala kwenye misuli.

Mwili uliokaushwa hupungukiwa kwanza maji ya damu, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, unaoitwa glaikojeni, nao hupungua kwa njaa, na kila gramu yake huondoka na maji yapatayo gramu tatu. Ndiyo maana siku mbili bila wanga huonyesha mteremko mkubwa kwenye mizani, ingawa mafuta yaliyopungua ni kidogo sana. Kisha kuna kiwiliwili chenyewe. Mnyanyuaji wa skwati huvuta pumzi, hukaza tumbo na kulisukumia kwenye mkanda, na ule mgandamizo ndio unaoshika uti wa mgongo chini ya chuma. Kiwiliwili kilichonywea hakijazi mkanda. Asubuhi ile ya Novemba mpwa wangu aliufunga mkanda tundu moja ndani zaidi ya kawaida yake, akadhani ni dalili njema kwamba amepungua. Ilikuwa dalili ya kile kilichokuwa kinamngoja chini ya chuma.

Kukosa medali si hasara kubwa kuliko zote. Novemba na Desemba 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa wakijikausha ili waingie kwenye madaraja yao. Walikuwa wakifanya mazoezi na nguo nzito kwenye joto huku wakijinyima maji, na msimu uliofuata sheria za mieleka ya vyuo huko zilibadilishwa kwa sababu yao. Kaveera na jaketi kwenye jua la Koboko ni njia ile ile. Vidonge vya kukojosha ni vibaya zaidi: huondoa maji pamoja na madini yanayoendesha mapigo ya moyo, na vimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni.

Daftari, si mizani

Baada ya kujua kosa la mizani yake, mpwa wangu hakununua nyingine. Aliandika kwa kalamu ya wino kwenye plasta, akaibandika juu ya kioo: ongeza 0.6. Mizani inayodanganya kwa kiasi kile kile kila siku inatumika vizuri, ukishajua kiasi chenyewe. Inayosema hili leo na lile kesho ndiyo ya kutupa. Kuijua, panda mara tatu mfululizo. Ikitoa namba tatu tofauti, haifai. Na iweke kwenye saruji, si juu ya udongo au mkeka.

Kisha akaanza kupima kila asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kunywa chochote, akiwa na kaptula moja ile ile. Wiki ya kwanza, baada ya kurekebisha, daftari lilisoma hivi: 76.0, 76.8, 75.9, 76.5, 76.1, 76.3, 75.8.

Tazama Jumanne. Kutoka 76.0 alipanda hadi 76.8 kwa usiku mmoja. Mwaka jana angekimbia siku hiyo. Lakini Jumatatu jioni dada yangu alipika samaki wa chumvi wa kukaushwa, wale wanaoletwa kutoka Ziwa Albert, na chumvi hushika maji mwilini. Jumatano yalikuwa yameshatoka. Mtu hawezi kunenepa gramu 800 za mafuta usiku mmoja. Angehitaji kula zaidi ya kalori 6,000 juu ya mahitaji yake ya siku. Namba ya siku moja inaeleza maji, chumvi na chakula kilicho bado tumboni. Jumlisha siku saba, gawanya kwa saba, upate 76.2. Namba hiyo ndiyo inayoeleza mwili, na ndiyo pekee inayostahili kukufanya ubadilishe kitu.

Wakati wa Ramadhani, kabla ya wiki hiyo, alikuwa akipima jioni kabla ya futari na kufurahia kuona 75. Furaha hiyo haikuwa na msingi, kwa sababu mtu aliyefunga kutwa katika joto letu amepungukiwa maji tu. Mwenye kufunga apime anapoamka kula daku, kabla hajala. Na mwezi huo asijaribu kupunguza chochote. Kuhifadhi uzito na nguvu kunamtosha.

Kwa wanawake kuna jambo la kuongeza. Siku chache kabla ya hedhi wengi hupanda kilo moja, wengine hadi mbili, kwa maji peke yake, kisha hushuka. Mwanamke wa daraja la 63 akilinganisha wiki hii na wiki iliyopita atadhani ameharibu kazi. Alinganishe wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, na aweke alama ya hedhi kwenye daftari. Akiona kwamba mashindano yataangukia siku zile za kupanda, aanze kujiandaa akiwa na wastani wa chini kidogo, badala ya kushtuka siku tatu za mwisho.

Vijiko viwili vya ufuta

Wastani wa 76.2 mwishoni mwa Machi, na mashindano mwishoni mwa Mei. Tulikaa chini ya mwembe na daftari. Lengo halikuwa 74. Lilikuwa wastani wa asubuhi wa 74.8, wiki moja kabla ya safari. Kilichobaki, chini ya kilo moja, kingeshughulikiwa na siku mbili za mwisho bila jasho, kwa njia nitakayoieleza. Kwa mtu anayepimwa saa mbili kabla ya kunyanyua, kukaa juu ya mpaka kwa takribani asilimia moja ni salama. Asilimia moja ya 74 ni gramu 740, kwa hiyo 74.8 iko karibu kabisa na kipimo hicho.

Kwa hiyo alihitaji kupunguza kilo 1.4 katika wiki nane. Kilo moja ya mafuta ya mwili huhifadhi takribani kalori 7,700. Kilo 1.4 ni kalori 10,800 hivi, na ukizigawanya kwa siku 56 unapata chini kidogo ya 200 kwa siku. Tuliuliza basi: katika chakula cha nyumba hii, kalori 200 zinakaa wapi?

Dada yangu ndiye aliyejibu, kwa sababu ndiye anayeshika mwiko. Chakula cha kwetu ni ugali wa muhogo, ule ambao Walugbara huuita enyasa, pamoja na mboga za majani, maharage au samaki, na karibu kila mboga huungwa kwa karanga au ufuta uliosagwa. Kijiko kimoja kikubwa cha rojo hiyo kina karibu kalori 95. Mpwa wangu alikuwa anachota mchuzi mzito wa chini ya sufuria, kisha anapaka vijiko viwili vingine kwenye kiazi cha asubuhi. Vijiko hivyo viwili vya asubuhi ndivyo vilivyoondoka. Hakuna kingine kilichobadilika. Kiazi kilibaki, mchuzi ulibaki, na hakuna aliyempikia chakula cha peke yake.

Alitaka kupunguza ugali, nikamkataza. Ugali wa muhogo ni wanga, na wanga ndio unaojaza misuli ya mtu anayechuchumaa na kilo 150 siku tatu kwa wiki. Udhaifu wa muhogo ni protini: gramu 100 za unga wake hazina hata gramu mbili. Mtu anayepungua uzito huku akinyanyua anahitaji takribani gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, ambazo kwake ni karibu 120 kwa siku. Akizikosa, mwili hupunguza misuli pamoja na mafuta, na atafika Kampala mwepesi na mnyonge. Kwa hiyo mayai mawili ya asubuhi hayakuguswa, maharage hayakuguswa, na samaki wa jioni akaongezwa kipande.

Hivi ndivyo daftari lilivyokwenda, wastani wa kila wiki mbili: 75.9, 75.6, 75.1, 74.7. Wiki ya tano ilisimama palepale, haikushuka hata gramu. Alinijia akitaka kuondoa na chakula cha mchana. Nikamwambia asubiri siku saba, kwa sababu wiki moja iliyosimama inaweza kuwa maji, ila zikisimama mbili ndipo utafute kijiko kingine. Wiki ya sita ikashuka.

Kulikuwa na kipimo kingine zaidi ya mizani. Kila Jumamosi alifanya skwati ya marudio matatu kwa kilo 150, nami nilisimama kando nikitazama kasi ya rudio la tatu. Mtu anayepungua kwa haraka kupita kiasi huonekana hapo mapema: chuma husimama katikati ya njia, usingizi hukatika, na mkojo wa asubuhi huwa mweusi kama chai ya rangi. Kwa wiki zote nane rudio la tatu lilipanda vizuri. Hiyo ndiyo ilinihakikishia kwamba kilichokuwa kinatoka ni mafuta.

Basi la Alhamisi

Kutoka Koboko hadi Arua ni mwendo wa kilomita hamsini na ushee, na kutoka Arua hadi Kampala zinabaki karibu 480. Mabasi mengi husafiri usiku. Mwaka jana alipanda basi la Ijumaa ili apimwe Jumamosi asubuhi, akafika bila kulala na miguu imevimba kwa kukaa. Damu na maji hutuama miguuni, na chumvi ya vyakula vya njiani hufanya yakae zaidi. Safari hii alipanda Alhamisi, akafikia kwa shangazi yake, akalala kitanda usiku wa Ijumaa.

Kazi ya siku mbili za mwisho ilikuwa moja tu: kupunguza uzito wa chakula kilicho tumboni, si chakula chenyewe. Majani, maharage na muhogo vina makapi mengi ambayo hukaa utumbo siku moja au mbili yakishikilia maji. Kuanzia Alhamisi asubuhi aliviacha, akala wali mweupe, mayai, samaki mbichi wa kuchemsha na asali ya kwetu West Nile. Nguvu ile ile, mzigo mdogo. Dada yangu alimfungia wali na mayai kwenye bakuli lenye mfuniko, na basi liliposimama Pakwach kwa samaki wa kukaanga na Karuma kwa nyama ya mishikaki, alibaki kwenye kiti chake. Chumvi ilikuwa kiasi cha kawaida ya nyumbani. Maji alikunywa kila alipoona kiu hadi Ijumaa jioni, na baada ya hapo akanywa kidogo kidogo hadi kulala.

Alijua pia jambo moja ambalo kila mnyanyuaji anapaswa kulijua kuhusu mwili wake: anapungua kiasi gani akilala. Mtu hupoteza maji kwa kupumua na kwa mkojo wa alfajiri. Kwa wiki mbili alikuwa amepima usiku na asubuhi, na tofauti yake ilikuwa kati ya gramu 600 na 800. Ijumaa saa tatu usiku, kwenye mizani aliyoibeba ndani ya begi pamoja na plasta yake, alikuwa 74.5. Alijua ataamka chini ya 74, kwa hiyo akala wali kidogo akalala. Kujua namba hiyo ndiko kulikompa usingizi.

Jumamosi saa mbili asubuhi mizani ya mashindano ilisoma 73.8. Hakuwa amekimbia, hakuwa amevaa jaketi. Akakaa kwenye benchi la ukutani, akanywa nusu lita ya maji yenye chumvi kidogo na asali, akala wali na ndizi mbili zilizoiva, kisha akaendelea kunywa kidogo kidogo hadi walipoitwa. Mkanda ulifunga kwenye tundu lake la kila siku. Alinyanyua skwati kilo 180, benchi 115, dedilifti 210, jumla 505. Hakushika nafasi ya kwanza. Lakini majaribio manane kati ya tisa yalikuwa mazuri, kutoka kwa mtu yule yule aliyerudi mikono mitupu miezi sita kabla.

Baada ya medali kuvaliwa

Msimu una mashindano zaidi ya moja. Yeye ana mengine Agosti na Novemba. Kosa la kawaida ni kusherehekea kwa wiki tatu, kurudi kilo 78, kisha kuanza upya kujinyima. Mtu anayefanya hivyo mara tatu kwa mwaka anatumia msimu wote akipungua au akiongezeka, na misuli haipati wiki tulivu za kujengwa.

Kwa hiyo tuliandika mipaka miwili kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Wastani ukizidi 75.5 kwa wiki mbili mfululizo, vijiko viwili vya ufuta vinaondoka. Ukishuka chini ya 74.3 kwa wiki mbili, vinarudi, hata kama anajisikia vizuri. Kati ya namba hizo mbili anakula na familia na hafikirii uzito kabisa. Vijiko vimeondoka mara moja tu tangu Mei.

Njia hii ina ukomo wake, na ni lazima niuseme. Inafanya kazi kwa mtu ambaye daraja lake ni la mwili wake kweli. Kama unakula vizuri, unafanya mazoezi, na wastani wako unarudi kilo 77 au 78 kila unapoacha kujizuia, huo ni mwili unaodai daraja la 83. Nenda huko. Mwaka wa kwanza utakuwa mwepesi kati ya wazito na huenda usipate medali, lakini nguvu utakazojenga ukishiba hazipatikani kwa njaa. Na kijana wa miaka kumi na sita asizuiwe katika daraja lolote. Bado anarefuka, aachwe apande kila mwili unapopanda.

Wapo pia wasio na daraja la kushukia, na hao hutufundisha wengine. Hellen Wawira Kariuki wa Kenya, katika pawalifti ya watu wenye ulemavu, ambayo hushindaniwa kwa benchi peke yake, alishiriki Paralimpiki ya Tokyo katika kilo 41, daraja jepesi kuliko yote ya wanawake. Hapo chini hakuna pa kukimbilia, na kilichobaki ni kuongeza chuma. Mwaka uliofuata, 2022, alipata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Birmingham, ambako madaraja mepesi yaliunganishwa na washindi wakapatikana kwa alama zinazolinganisha chuma na uzito wa mnyanyuaji.

Jana jioni nilipita uani kwa dada yangu. Madumu yalikuwa yamerudi kwenye kazi yake ya kisimani, na daftari lilikuwa linaning'inia msumarini karibu na mlango, na kalamu imefungwa kwa uzi. Wastani wa wiki ulisoma 75.0.

Wewe unayejiandaa kwa mashindano yajayo, usiliguse jaketi. Jaza madumu uikague mizani yako, pima kila asubuhi kwa wiki mbili, tafuta wastani, kisha mwulize anayekupikia ni kijiko gani kinaweza kuondoka. Kama zimebaki siku kumi na wastani wako umezidi mpaka kwa kilo mbili, jiandikishe daraja la juu na uende ukanyanyue ukiwa umeshiba.